Geti la nyumba yetu Kirumba

Mwaka 2016 pikipiki ya mpangaji wetu, kijana wa bodaboda, iliibwa uani, nyumbani kwetu Kirumba, Mwanza. Asubuhi tulikuta geti limerudishiwa tu, kufuli linaning'inia kwenye komeo. Hakuna aliyejua nani aliingia wa mwisho. Kufikia mchana maneno yalikuwa yamezagaa: wengine wanamtaja shemeji wa chumba cha pili aliyelala siku mbili, wengine wanawataja rafiki za kijana mwenyewe wa bodaboda. Wapangaji waliokuwa wakiombana chumvi wakaanza kununiana.

Mama ndiye mwenye nyumba. Jirani yetu mmoja alimshauri abandike tangazo kama la kwake, lililosema mwisho wa kuingia ni saa tatu usiku na atakayechelewa alale nje. Mama alimshukuru, akaja kuniambia, "Mwanangu, muuguzi akilala nje kesho nani atamchoma sindano mgonjwa?" Hakuandika kitu wiki ile. Alipita chumba hadi chumba, jioni baada ya jioni, akiuliza mambo mawili tu: unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi.

Majibu ya wapangaji nayakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nayaandika. Muuguzi wa Bugando akiwa zamu ya usiku anaondoka jioni na kurudi asubuhi, kwa hiyo geti la usiku halimgusi, ila zamu ya mchana ikichelewa kukabidhiana anaweza kufika saa nne. Kijana wa bodaboda alikuwa anarudi saa sita, mwisho wa wiki hata saa nane. Mume na mke wenye duka walikuwa ndani tangu saa tatu, na mtoto wao mchanga alikuwa anashtuka kila geti likibamizwa. Dada wa chumba cha nne, anayenunua dagaa Mwaloni, alisema anatoka saa kumi alfajiri.

"Na mbalamwezi ikiwa kubwa?" mama akamuuliza.

Dada akacheka. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa, taa hazivuti samaki, mitumbwi mingi inabaki ufukoni na yeye analala mpaka jua litoke. Kwa hiyo saa zake zilikuwa zinabadilika ndani ya mwezi mmoja, na sheria yoyote iliyomtaka awe na saa moja ya kudumu ingemfanya mkosaji kila giza likirudi.

Hapo ndipo mama alipopata jibu lake. Saa ya kufunga ingekuwa ya geti, siyo ya mtu. Saa nne usiku geti linafungwa, na mwenye kazi anaingia na kutoka kwa ufunguo wake.

Lakini kufuli letu lisingewezesha hilo. Lilifungwa kwa ndani, na aliyeko nje alipitisha mkono kwenye tundu la geti kulipapasa. Wengi walichoka, wakawa wanaliacha wazi. Tena moto ukiwaka usiku, kila aliye ndani angehitaji kukumbuka ufunguo wake uko wapi. Mama alimwita fundi wa kuchomelea, akaondoa kufuli kwenye mlango mdogo wa geti, akaweka kitasa kinachofunguliwa kwa ufunguo kutoka nje na kwa kuzungusha kishikio tu kutoka ndani. Lile tundu likazibwa kwa kipande cha bati nene, maana mkono ukifika kwenye kishikio, kitasa hakina maana. Kwenye fremu fundi akabandika vipande vya mpira wa tairi ili mlango usibamize, kwa ajili ya yule mtoto. Kila chumba kilipewa ufunguo mmoja bila malipo. Atakayepoteza aseme siku hiyohiyo. Atalipia kuchonga mpya, hatagombezwa. Mama alisema anayeogopa kugombezwa ataficha, na ufunguo uliopotea kimya ni sawa na geti wazi.

Kikao kilikuwa Jumapili alasiri, uani. Mama hakugusa habari ya pikipiki wala shemeji wa mtu. Alinipa karatasi niisome:

"Ndugu wapangaji, kuanzia Jumatatu geti letu litafungwa saa nne usiku ili sote tulale bila wasiwasi. Mwenye kazi ya usiku au dharura atumie ufunguo wake, na akiingia ahakikishe kitasa kimeshika. Mgeni wa mchana anakaribishwa kama kawaida. Mgeni wa kulala, mwenyeji wake amtaje kwa mama kabla ya saa nne aandikwe kwenye daftari, ili tukiamka tujue tuko wangapi. Asanteni."

Kijana wa bodaboda alinyanyua mkono. "Mama, shikamoo. Mgeni wangu mimi namlisha, namlaza kwangu. Daftari la nini?"

"Marahaba baba. Ni wako, sikunyang'anyi," mama akasema. "Ila ile asubuhi ulipolia, mimi sikuwa na la kukutetea wewe wala rafiki zako. Ningekuwa na jina na siku aliyoondoka, ningesimama mbele ya watu nikasema huyu hakuwepo."

Kijana hakujibu, lakini wiki ile ile alikuwa wa kwanza kuleta jina.

Daftari lilikuwa kauntabuku la kawaida lenye safu nne: tarehe, jina la mgeni, chumba cha mwenyeji, siku ya kuondoka. Mtu mmoja alipendekeza tuongeze simu ya mgeni na uhusiano wake na mwenyeji. Mama alikataa. Uhusiano ukiulizwa watu watadanganya, kila mgeni atakuwa binamu, na ukishawazoeza kudanganya kwenye safu moja hutaamini nyingine. Aliyekuwa akizidisha siku tatu, mwenyeji na mama walimpeleka kujitambulisha kwa mjumbe. Pia alikataa daftari liachwe getini mgeni ajiandikie. Lilikaa sebuleni kwetu, na mama aliandika papo hapo mwenyeji alipokuja kusema. Nimeona baadaye nyumba ambazo daftari linaning'inia kwa kamba: mistari ya wiki nzima ina kalamu moja na mwandiko mmoja, dalili kwamba mtu aliijaza Jumamosi kwa kukisia.

Miezi michache baadaye alikuja mwanamume jioni, amevaa vizuri, anaongea kwa upole. Alisema anamtafuta mke wake, amesikia nyumba hii ina daftari la wageni, anaomba kuliangalia tu. Mdogo wa yule dada wa dagaa alikuwa chumba cha nne tangu juzi yake, na jicho lake moja lilikuwa bado limevimba. Jina lake lilikuwa mstari wa mwisho.

Mama hakumfungulia mlango wa sebule. "Baba yangu, daftari hili ni la usalama wa waliomo, halisomwi na wa nje. Kama una shida na mtu, twende sasa hivi kwa mjumbe, nami nitakusindikiza." Yule mwanamume akasema si lazima, akaondoka. Mama akabaki amesimama mpaka kitasa kimeshika, kisha akaenda chumba cha nne kuwaeleza dada wote wawili aliyekuja na alichosema. Asubuhi aliwasindikiza kwa mwenyekiti wa mtaa, na kutoka hapo polisi, kwenye dawati la jinsia.

Tangu usiku ule aliongeza utaratibu mmoja, akautaja kwa kila mpangaji peke yake badala ya kuubandika. Mgeni mwenye sababu ya kutotaka jina lake liandikwe, mwenyeji anamwambia mama kwa mdomo, na daftarini panaandikwa chumba na idadi tu: chumba cha 4, mgeni 1. Sababu yenyewe haulizi.