Siku Moja na Daftari la Benki ya Mbegu, Urambo

Saa 12 asubuhi. Oktoba hapa Tabora ukichelewa kutoka jua linakukuta njiani, kwa hiyo nafika stoo kabla mabati hayajaanza kulia. Mzee wa stoo ameshafagia. Tunasalimiana, "Mwangaluka", kisha tunazunguka chaga moja baada ya nyingine na tochi. Yeye anaangalia mifuko, mimi naangalia sakafu. Nikiona unga mweupe chini ya mfuko, hapo kuna dumuzi. Mdudu huyu tunamfahamu vizuri, maana aliripotiwa mara ya kwanza Afrika hapa hapa mkoani kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazee bado wanamwita Skania. Leo hakuna unga.

Saa 1. Nafungua daftari. Ni kaunta buku la kawaida lenye mistari niliyoichora kwa rula. Kila fungu lina ukurasa wake: namba ya fungu, aina ya mbegu na jina tunaloliita hapa kijijini, shamba lilikotoka, siku ya mavuno, kilo zilizoingia, chombo, mahali, kipimo cha chumvi cha kujua unyevu, tarehe ya jaribio la uotaji, asilimia, na tarehe ya jaribio lijalo. Mwisho ni sahihi mbili, yangu na ya mzee wa stoo. Hakuna kufuta kwa raba. Kikikosewa kitu kinakatwa kwa mstari mmoja ili kilichoandikwa mwanzo kiendelee kusomeka.

Ukurasa wa leo ni wa fungu la 7, mahindi aina ya Staha. Ni mbegu ya kawaida, si chotara, ndiyo maana tunaweza kuihifadhi na kuipanda tena. Fungu hili lina sehemu mbili kutoka shamba moja. 7A ni kilo 30 kwenye mfuko wa PICS, ule wenye mifuko ya plastiki ndani isiyopitisha hewa, juu ya chaga. 7B ni kilo 30 zilizopukuchuliwa wiki moja baadaye, zikatiwa kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Mwezi wa saba 7A iliota 94 kwa 100, na 7B 91.

Saa 2. Kuhesabu zilizoota. Vitambaa vilivyoloweshwa vilikunjwa na mbegu ndani siku saba zilizopita, vinne kwa kila sehemu, punje 25 kwa kila kitambaa. Siku ya nne nilihesabu zilizowahi, leo ni hesabu ya mwisho. Nakunjua taratibu juu ya meza. Mche ninaouhesabu lazima uwe na mzizi mzima na chipukizi lililonyooka. Punje iliyotoa kijimzizi kifupi kilichokauka ncha, bila chipukizi, siihesabu hata kama mwenye mbegu amesimama pembeni ananiambia "lakini hii nayo imeota, dada". Imeota, ndiyo, ila haitatoka ardhini.

Vitambaa vya 7A vinatoa 24, 22, 23 na 23. Jumla 92. Hakuna maneno.

Vya 7B: 19, 17, 18, 15. Jumla 69.

Kabla ya kuilaumu mbegu nalitazama jaribio lenyewe. Kama kitambaa kimoja kingetoa 22 na kingine 9, ningesema kimoja kilikauka au kililoweshwa mno, na ningerudia. Hivi vinne vinakaribiana, kwa hiyo tatizo limo kwenye mbegu. Katika zile 31 zilizobaki, 12 zina miche mibovu na 19 zimeoza. Ukiibonyeza iliyooza kwa kidole inapasuka na kutoa maji ya maziwa. Sioni tundu hata moja la mdudu.

Saa 4. Narudi kwenye ukurasa. Shamba moja, aina moja, ila kwenye safu ya mahali 7B ina mstari wa mwezi wa nane: "imehamishiwa nyumbani kwa mjumbe, darini." Ni kweli, paa la stoo lilikuwa linatengenezwa, na dumu lilikaa huko chini ya bati hadi tulipolirudisha kwa ajili ya jaribio hili. Safu ya chumvi kwa 7A imeandikwa "haikushika". Kwa 7B ni tupu. Siku lile dumu linajazwa hakuna aliyepima.

Tunapima sasa. Chupa kavu ya kioo, chumvi iliyokaushwa juani, konzi ya mahindi, unatikisa dakika moja hivi kisha unaacha itulie. Chumvi ikibaki imeng'ang'ania ukuta wa chupa, mbegu bado ina unyevu mwingi, zaidi ya asilimia 15. Chupa ya 7B imekuwa nyeupe pande zote. Dumu likifunguliwa linatoa harufu ya uvundo, si kali, lakini ipo.

Basi hapo habari imekamilika. Dumu la kubana linazuia unyevu wa nje kuingia, na linazuia ule wa ndani kutoka vilevile. Mbegu mbichi ndani yake, juu yake bati la Oktoba, kiini kinachoka haraka. Mbegu kavu ingestahimili dari hilo vizuri zaidi. Na mbegu yenye unyevu ule ingeharibika polepole zaidi kama ingekaa mahali pa baridi.

Saa 6. Chai na mihogo ya kuchemsha.

Saa 7. Anakuja mwanachama mmoja, mama, aliyeandikishwa kukopa kilo 10 kutoka 7B. Namwonyesha ukurasa.

"Sasa sitanunua mbegu dukani mwanangu, hela ya tumbaku haijaja. Nipe hivyo hivyo, nitaongeza punje."

Tunapiga hesabu pamoja nyuma ya daftari. Akitia punje mbili kila shimo, kwenye mashimo 100 kama 10 yatabaki matupu. Akitia tatu, kama 3 tu. Ila hiyo ni hesabu ya kitambaa chenye kivuli na maji ya kutosha. Mbegu iliyochoka shambani huanguka zaidi, hasa mvua ya kwanza ikinyesha kisha ikakatika. Tunakubaliana achukue kilo 10 za 7A, ambazo bado hazijaandikiwa mtu. Naandika, anaweka dole gumba.

Saa 8. Kutoa sampuli mpya ya 7A. Kwenye magunia ya kawaida tunatumia bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje, lakini kwenye mfuko wa PICS marufuku, litatoboa mifuko ya ndani na hewa itaingia. Nafungua kamba, naingiza mkono hadi kiwikoni pembeni na katikati, nachota, mzee anakamua hewa na kufunga upya. Naandika tarehe ya kufunguliwa.

Saa 9. Karanga za Pendo, jaribio jipya. Tunazihifadhi zikiwa na maganda na kubangua zile za kupima tu, kwa mkono, maana ngozi nyekundu ikichubuka punje inaoza kwenye kitambaa na utadhani ilikuwa imekufa. Hesabu yake ya mwisho ni siku ya kumi.

Saa 11. Jua limepungua. 7B tunaimwaga kwenye turubai kwa tabaka jembamba, na itaanikwa asubuhi na jioni mpaka chumvi iache kushika. Mjumbe anauliza kama ikikauka itarudi 91. Hairudi. Kukausha kunazuia isishuke zaidi, basi.

Kwenye ukurasa naandika: "7B, 69, haikopeshwi. Chumvi imeshika. Inaanikwa. Jaribio lijalo wiki ya kwanza ya Novemba." Ikishuka tena inakwenda mashineni, kwa kuwa haikutiwa dawa, ila kwanza tutachambua punje zenye ukungu na kuzitupa. Mzee wa stoo anaweka sahihi chini ya yangu.