Desibeli 38 za kwenye karatasi

Studio ile ilikuwa Bel-Air, Lubumbashi, katika nyumba ya zamani ya matofali. Tulipoitwa, mashine ya hewa ilikuwa imeshafungwa na kulipiwa. Kila mikrofoni ya gitaa ilipofunguliwa, chini yake palisikika mvumo mzito, na juu ya mvumo huo mluzi wa hewa. Silensa ilikuwepo: kisanduku cha sentimita 90 chenye pamba ya madini, ndani ya mfereji wa hewa. Fundi aliyeifunga alitutolea karatasi yake.

"Angalieni, Papa, wameandika desibeli 38. Itashinda wapi?"

Hakudanganya. Ila 38 hiyo ilikuwa ya hezi 1000. Jedwali la chini, kwa herufi ndogo, lilisema kwamba kwenye hezi 125 silensa ileile inapunguza desibeli 6 tu. Sauti nzito ina mawimbi marefu, na pamba nyembamba haiyasumbui. Mvumo wa feni unakaa hukohuko.

Tulipima usiku wa manane, jenereta za majirani zikiwa zimezimwa, maana zikiwaka kipimo cha bendi za chini, yaani masafa ya sauti nzito, hakifai kitu. Mashine ikiwa imezimwa, chumba kilikuwa na desibeli 27 kwenye hezi 125. Ikiwashwa, 52. Tulikuwa tumelenga NC 15, kiwango cha kelele inayokubalika chumbani, ambacho kwenye bendi hiyo kinaruhusu 36.

Kisha tukapiga hesabu kutoka kwenye feni hadi kwenye kiti cha mwanamuziki, tukaanza na bendi hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitubana. Feni ilitoa nguvu ya sauti ya desibeli 76. Mfereji ulionyooka wa mita 6 ulikula 4, kona 1. Mfereji ukigawanyika sawa kwa vyumba viwili, kila tawi hupata nusu ya nguvu, yaani desibeli 3 zinaondoka. Kwenye mdomo wa grili sehemu ya sauti nzito hurudi nyuma, hapo 3 nyingine. Chumba chenyewe, kwa ukubwa wake na mapazia yake, kilitupunguzia 6. Jumla 17, yabaki 59. Ukitoa 6 za silensa ile fupi unapata 53, na kipimo kilikuwa 52. Hapo tukaiamini hesabu.

Kufika 36 kulihitaji kupunguza 23. Tukaongeza 3 za tahadhari, zikawa 26. Silensa moja ya mita 1.5 yenye mbavu nene za pamba, milimita 200 kila moja, ilitoa 14 kwenye bendi hiyo, hivyo zilihitajika mbili katika njia moja. Ya kwanza tuliipitisha ndani ya ukuta wa chumba cha mashine. Ukiiacha katikati ya chumba hicho, kelele za mashine hupenya bati la mfereji baada ya silensa, na kazi yake inapotea. Ya pili haikuwa moja: kila tawi lilipata yake, kwa sababu bila hivyo, sauti ya chumba cha kuchanganyia ingepita mferejini hadi chumba cha kurekodia. Mfereji wa kurudisha hewa nao ulifanyiwa hesabu yake, kwani watu wengi huusahau na feni inazungumza pande zote mbili.

Mluzi ulikuwa jambo lingine. Mita za ujazo 2,000 kwa saa zilikuwa zikisukumwa kupitia silensa ya milimita 300 kwa 300, nusu yake ikiwa imezibwa na pamba. Hewa ikapita katikati ya mbavu kwa mita 12 kwa sekunde, na silensa yenyewe ikawa filimbi. Mwendo ukizidi maradufu, kelele hiyo hupanda kama desibeli 15 hadi 18. Mpya ilikuwa milimita 600 kwa 600, mbavu mbili na nafasi mbili za milimita 100, na mwendo ukashuka hadi mita 4.6. Upana ulipanuliwa taratibu kwa bati lililoinama. Kuongeza upana ghafla kunatengeneza msukosuko mwingine.

Baada ya kufunga, hezi 125 ilisoma 34. Lakini chumba cha kurekodia bado kilikuwa na "shhh" nyembamba, kwenye bendi ambazo hesabu ilisema feni haibakizi chochote. Tukang'oa grili: sauti ileile. Basi si grili. Nilipoingiza mkono nikakuta klape ya kusawazisha hewa, sentimita 20 tu nyuma yake, imefungwa nusu, ukingo wake ukitetemeka vidoleni. Tulihamishia klape mwanzo wa tawi, kabla ya silensa, tukaziba tundu la mhimili wake kwa mastiki.