Ukoko wa maji ya chumvi
Jana tulikuwa tukifanya usafi Kigamboni, katika nyumba ya vyumba vitatu inayotumia maji ya kisima, na kilichotuchelewesha ni bafu, kwa sababu vigae vilikuwa vimeshika ukoko mweupe wa chumvi ambao sabuni haiutoi. Tuliupaka siki, tukasubiri dakika 20, kisha tukausugua kwa brashi ya nailoni, kwani ya waya huacha mikwaruzo. Siki hatuichanganyi kamwe na dawa ya klorini, maana hutoa gesi yenye sumu.

Timu yetu ina watu sita: wanne huja nyumbani, na wote huingia ofisini baada ya saa za kazi. Kusafisha chumba ni shilingi 30,000. Bafu, ambalo ndilo hutuchosha, ni 40,000. Nyumba ile ililipa 130,000.