Bomba moja, vitu viwili: nilivyooanisha katalogi na orodha ya bei

Nilipokabidhiwa kazi hii niliambiwa ni ya siku mbili. Kampuni inauza vifaa vya mabomba ya maji, ina katalogi iliyopigwa picha vizuri na ina orodha ya bei kwenye Excel. Katalogi iliandikwa na watu wa masoko, orodha ya bei ikajazwa na watu wa hesabu kwa miaka kadhaa, na hakuna upande uliowahi kumuuliza mwenzake anaitaje kitu. Mteja anaona "Elbow 25x3/4 F" kwenye katalogi, anapiga simu, na dada wa mauzo anatafuta kwenye orodha ya bei ambako kitu hichohicho kimeandikwa "Kona PPR jike 3/4". Hakipati, anamwambia mteja hakipo. Kiko stoo, rafu ya tatu.

Ilinichukua wiki tano.

Nilianza na kosa ambalo nadhani kila mtu huanza nalo: kutafuta na kubadilisha. Niliona "bomba", "paipu" na "pipe" zimechanganyika, nikaamua neno liwe "paipu", nikabonyeza badilisha yote. Mambo mawili yakaharibika papo hapo. La kwanza ni ngeli. "Bomba la plastiki jeusi" likawa "paipu la plastiki jeusi", na nikawa na mistari mia na kitu inayosomeka kama ya mtu anayejifunza Kiswahili. La pili lilikuwa baya zaidi, na sikuliona mimi. Mtunza stoo alipita nyuma yangu, akasoma skrini, akasimama.

"Kijana, hiyo paipu ya sinki yenye mpini mrefu ndiyo ipi?"

"Ndiyo hii hapa, Mzee, imeandikwa."

"Hiyo siyo paipu. Hiyo ni koki. Aliyeandika aliiita bomba kwa sababu kwao ukisema fungua bomba, maana yake ni koki."

Alikuwa sahihi. "Bomba" kwenye orodha zetu lilikuwa na maana mbili: mrija wenyewe unaopitisha maji, na kile kifaa unachokizungusha maji yatoke. Wengine tena huita hicho cha pili "mfereji". Kwa hiyo neno moja lilibeba vitu viwili, na kitu kimoja kilikuwa na majina matatu. Badilisha yote haiwezi kujua tofauti hiyo. Nilifunga faili bila kuhifadhi, nikaanza upya kwa nakala.

Safari ya pili sikugusa majina kabisa. Nilianza na namba za bidhaa, maana hizo ndizo zinazoweza kuunganisha mistari miwili bila mtu kubishana. Lakini namba nazo zilikuwa chafu. Nyingine zilikuwa na nafasi tupu mwishoni, nyingine zilinakiliwa kutoka ukurasa wa tovuti zikaja na ile nafasi isiyokatika, ambayo kwa macho ni nafasi ya kawaida lakini TRIM peke yake haiiondoi. Nilizisafisha hivi kwenye kolamu mpya, B:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "))
```

Kisha nikahesabu zinazojirudia, na hapo nikakuta mtego mwingine. COUNTIF iliniambia namba 0412 inatokea mara mbili. Nikatafuta ya pili, sikuiona. Kumbe COUNTIF ikikuta maandishi yanayofanana na namba huyachukulia kama namba, kwa hiyo kwake 0412 na 412 ni kitu kimoja. Kwetu ni bidhaa mbili tofauti kabisa. Nilihamia kwenye EXACT, inayolinganisha herufi kwa herufi:

```
=SUMPRODUCT(--EXACT($B$2:$B$1313,B2))
```

Ni nzito kwenye faili kubwa, lakini haidanganyi. Baada ya hapo zaidi ya nusu ya mistari ilijioanisha yenyewe kwa namba. Iliyobaki haikuwa na namba upande mmoja, au ilikuwa na namba ya mtengenezaji badala ya yetu, na hiyo ikabidi niitazame jina kwa jina.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo vipimo vilipotaka kunizamisha. Kuna mwenzetu wa zamani aliyejaribu kuweka kila kitu kwenye milimita ili orodha ipendeze. Alichukua inchi 3/4, akazidisha kwa 25.4, akapata 19.05, akaipandisha hadi 20, saizi iliyo karibu. Hesabu yake ni sahihi na jina alilotoa ni la uongo. Inchi 3/4 kwenye mabomba ni jina la saizi, haipimwi kwa rula. Paipu ya chuma ya inchi 3/4 ukiipima kwa nje unapata karibu milimita 27, na ya nusu inchi karibu 21. Paipu ya PPR, ile ya plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa, huitwa kwa kipenyo chake halisi cha nje: 20, 25, 32. Na kwa mazoea ya mafundi, PPR ya 20 ndiyo mwenzake wa nusu inchi, ya 25 ndiyo mwenzake wa 3/4. Kwa hiyo mwenzetu alipoandika 3/4 kuwa 20, aliishusha saizi moja. Fundi anayeagiza kwa orodha ile anapelekewa kifaa kisichoingia, na kwenye karatasi hakuna anayeonekana kukosea.

Chukua elbo niliyoitaja mwanzo. Upande mmoja ni tundu la kuyeyushia paipu ya PPR ya milimita 25. Upande wa pili una shaba yenye meno ya ndani, ya kupokea kifaa cha meno cha inchi 3/4. Ni kifaa kimoja chenye vipimo viwili vya mifumo miwili, na jina lazima libebe vyote viwili. Nilichukua kopo la elbo zilizofanana, nikakaa chini na Mzee, tukapima kila moja kwa kalipa na kujaribu kuifunga kwenye koki. Majina manne ya kwenye faili yaligeuka kuwa bidhaa mbili: yenye meno ya ndani, yaani jike, na yenye meno ya nje, yaani dume. "Kona PPR jike 3/4" na "Elbow 25x3/4 F" ilikuwa moja. "Elbo PPR 20 ya meno" ilikuwa hiyohiyo tena, ile iliyoshushwa saizi kwa kikokotoo. Ningeamini maandishi, ningeiweka peke yake kama bidhaa ya tatu.

Tangu siku hiyo niliweka sharti: mistari miwili haiunganishwi kwa kuwa majina yanafanana, inaunganishwa kwa kuwa vitu vimeshikwa mkononi na ni kimoja. Lilinisaidia pia upande wa pili. Kulikuwa na mistari miwili ya "Paipu PPR 25", jina lilelile, bei tofauti, nikataka kufuta mmoja. Mzee akacheka. Mmoja ulikuwa bei ya mita, mwingine bei ya pisi nzima ya mita 4. Kilichokosekana ni kolamu ya kipimo cha kuuzia, nikaiongeza.

Kuhusu maneno yenyewe, tulibishana zaidi kuliko nilivyotegemea. Watu wa masoko walitaka "kiwiko". Ni neno zuri, ila sijawahi kusikia fundi akiomba kiwiko dukani, na orodha ya bei ni ya kuagizia. Tukachukua "elbo". "Kona" tuliiacha kwa sababu tayari ilitumika kwa viungo vya mifereji ya mvua. "Bomba" tuliliondoa kabisa kwenye majina, si kwa ubaya wake, ila kwa kuwa halisemi ni lipi kati ya mawili: sasa kuna "paipu" na kuna "koki" tu. Lakini maneno yaliyoondolewa hayakutupwa. Yako kwenye kolamu inayoitwa "majina mengine", ili dada wa mauzo akiandika "mfereji" au "kiwiko" kwenye kisanduku cha kutafutia, kitu kitokee.

Umbo la jina nililiamua kwa sababu ya ile aibu ya ngeli. Nilitupa viunganishi vyote. Kwanza kitu, kisha sifa, kisha malighafi, kisha kipimo, na mkato katikati:

```
Elbo, jike, PPR, mm 25 x inchi 3/4
Paipu, PPR, mm 25
Koki, sinki, mpini mrefu, inchi 1/2
```

Hakuna "ya" wala "la" wa kukosewa, na ukipanga kwa alfabeti elbo zote zinakaa pamoja. Rangi peke yake ilisumbua, maana "nyeupe" na "jeupe" zilirudi kunitafuta. Nikaandika "rangi nyeupe" kila mahali, basi.

Neno "inchi" nililiandika kwa herufi kwa sababu mbili. Alama ya inchi ilikuwa imeandikwa kwa namna nne, na mbili zilikuwa alama za kunukuu zilizopinda. Sababu ya pili nimeijua kwa maumivu. Kulikuwa na kolamu ya vipimo peke yake, na mtu akiandika 3/4 kwenye seli ya kawaida Excel huigeuza kuwa tarehe 3 Aprili. Kwenye faili niliyopokea, ukiiweka seli hiyo kuwa namba unaona 45385 badala ya saizi. Mbaya zaidi, kwenye kompyuta iliyopangiwa mwezi kuanza kabla ya siku, ile 3/4 huwa tarehe 4 Machi, kwa hiyo hata ukijua kurudisha nyuma lazima ujue iliandikiwa kwenye mashine ipi. Mistari ya namna hiyo niliirudisha kwa kwenda stoo. Ukiandika "inchi 3/4" seli hubaki kuwa maandishi na hadithi inaishia hapo.

Sasa hivi jina halichapwi mara mbili. Kuna faili moja ya bidhaa, mstari mmoja kwa kila kitu, na orodha ya bei ina namba na bei tu; jina inalivuta:

```
=XLOOKUP(A2,Bidhaa!A:A,Bidhaa!C:C,"HAIPO")
```

Katalogi nayo hutolewa kutoka faili hiyohiyo. Neno HAIPO likitokea, bidhaa mpya imewekewa bei kabla haijapewa jina, na bei hiyo haitoki ofisini.

Mistari 14 bado haijapata mwenzake. Ina bei, haina namba, na hakuna kitu stoo kinacholingana nayo. Mmoja unasema tu "bomba nzuri". Nimeihamishia kwenye karatasi yake, na kila mzigo mpya ukiingia Mzee huja nayo mkononi, ananiuliza kama leo tumeipata.