Mama na mwana walipotazama upande mmoja

Onyesho la filamu nililokuwa nahariri lilikuwa la mazungumzo ya mama na mwanawe mezani, sebuleni, jijini Dar es Salaam. Asubuhi kamera ilikaa upande mmoja wa meza: mama kushoto mwa fremu akitazama kulia, kijana kulia akitazama kushoto. Baada ya chakula cha mchana ikahamishiwa upande wa pili, na huko ndiko zilikopigwa shoti zote za karibu za kijana. Nilipozipanga, wote wawili wakawa wanatazama kulia. Mwongozaji aliketi pembeni yangu, akauliza, "Kaka, huyu kijana anaongea na nani?" Ni kweli, ilionekana kama kuna mtu wa tatu nje ya fremu.

Shoti mbili za kijana zilikuwa na ukuta mtupu nyuma yake. Hizo nilizigeuza kwa efekti ya Horizontal Flip ya Premiere Pro, akawa anatazama kushoto. Kasoro ikajitokeza kifuani: mfuko wa shati ulihamia kulia, wakati kwenye shoti pana ya asubuhi uko kushoto. Picha zilikuwa za 4K na taimlaini ya 1080, kwa hiyo niliweza kuvuta karibu hadi mfuko ukatoka kwenye fremu bila picha kufifia. Mwanga haukutusumbua, kwa sababu dirisha lilikuwa nyuma ya kiti cha mama, kwenye ncha ya meza. Ulipogeuzwa ulitoka upande ule ule wa asubuhi. Lingekuwa ubavuni mwa meza, uso wa kijana ungeng'aa katika shoti moja na kuwa na giza katika nyingine, na hilo kugeuza hakuliponyi.

Shoti ya tatu ilikuwa na kalenda ukutani. Maandishi hayageuziki, na kuikuza hadi kalenda itoke kungekata paji la uso. Hapo nikabadili mpangilio. Kulikuwa na shoti ya mikono ya mama ikikoroga sukari, kamera ikiwa juu kabisa ya meza, hivyo haikuegemea upande wowote. Kulikuwa pia na shoti pana ya mchana, ambayo kwenye skripti ilikuwa ya kufungia onyesho. Niliitoa mwishoni nikaiweka mara tu baada ya ile mikono, nikachagua kipande ambacho mama anakunywa chai, ili midomo isipingane na sauti. Nikaiacha sekunde tatu hivi, mtazamaji aone kwamba sasa kijana yuko kushoto. Ndipo ikaingia shoti ya kalenda, bila kugeuzwa.

Lakini kuanzia hapo shoti za mama za asubuhi hazikufaa tena, na za karibu za upande wa pili hazikupigwa. Maneno yake mawili ya mwisho nikayaacha yasikike tu, juu ya uso wa kijana anayemsikiliza. Kisha nikazima sauti na kulitazama onyesho zima, nikifuatilia macho peke yake kwenye kila mkato.