Sindano ya tako na mguu wa yule mama wa Kongwa

Nilikuwa fildi kwenye kituo cha afya kimoja wilayani Kongwa, mwaka wangu wa mwisho wa uuguzi, ule msimu wa kiangazi ambao vumbi linaingia mpaka kwenye trei ya dawa. Akaja mama mmoja mwembamba, anatembea ananyanyua goti la kulia juu kuliko kawaida, halafu unyayo unadondoka, paa! Kandambili ya mguu ule ilikuwa imelika mbele kwenye vidole, ya kushoto ilikuwa nzima kabisa.

Akatuhadithia kwamba wiki kadhaa nyuma mgongo ulimkaza, akaenda duka la dawa kijijini, akachomwa daiklofenaki akiwa amesimama kashikilia kaunta. Sindano ilivyoingia tu akasikia shoti kutoka takoni mpaka kwenye vidole vya mguu, akapiga kelele, yule mchomaji akamwambia vumilia mama inaisha, akasukuma dawa yote. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo, maana ile shoti ndiyo neva yenyewe inakwambia sindano imefika sipo. Mtu akiruka namna ile unaacha kusukuma palepale, unachomoa, unatafuta sehemu nyingine.

Sista aliyekuwa ananisimamia akamlaza, akamwambia, "Mama, vuta unyayo uje juu." Wapi, haukuja. "Haya sukuma mkono wangu chini." Akasukuma vizuri tu, kwa nguvu. Akampitishia pamba juu ya unyayo, hasikii kitu. Sista akanigeukia, "Umeona mdogo wangu? Peronia hiyo."

Akanieleza palepale. Neva ya siatiki inatoka ndani ya nyonga kwa nyuma, mara nyingi chini ya kamsuli kanaitwa pirifomisi, halafu inajificha chini ya gluteasi maksimasi, ule msuli mkubwa unaolijaza tako, inashuka katikati ya mfupa tunaokalia na ile trokanta, fundo la mfupa wa paja unalolishika pembeni ya nyonga, ndio inaingia nyuma ya paja. Ndani yake ni neva mbili zimefungwa pamoja, ya tibia na ya peronia. Peronia iko upande wa nje na ndiyo inayoumia kirahisi zaidi, na kazi yake ni kunyanyua unyayo. Ndio maana mama alikuwa anaweza kusukuma chini ila kuvuta juu hawezi.

Sasa shuleni tulifundishwa robo ya juu ya nje, gawa tako mara nne chagua hiyo. Sio uongo, shida ni watu wanagawa ile sehemu laini inayoonekana tu, wakati kipimo kinaanzia juu kwenye ukingo wa mfupa wa nyonga, pale mkono unapokaa ukijishika kiuno. Ukianzia chini, "robo ya juu" yako inaangukia katikati, jirani kabisa na neva, na kwa mtu mwembamba kama yule mama hakuna nyama ya kukukinga.

Mchana uleule akaja kijana wa miaka 14 mwenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki, anachomwa penadua, ile penisilini inayokaa mwilini muda mrefu, yuniti milioni 1.2, kila baada ya wiki nne. Sista akasema leo tunachoma pembeni ya nyonga, na utachoma wewe. Kijana akalala kwa ubavu wa kulia, goti la juu kalikunja ili msuli ulegee. Nikaweka kiganja cha mkono wa kulia kwenye trokanta yake ya kushoto (nyonga ya kushoto mkono wa kulia, nyonga ya kulia mkono wa kushoto), kidole cha shahada nikakielekeza kwenye ncha ya mfupa wa nyonga kwa mbele, cha kati nikakitanua kurudi nyuma kufuata ukingo wa mfupa. Vidole vikafanya V, na katikati ya V hiyo ndipo pa kuchoma. Pale chini kuna gluteasi midiasi na minimasi, misuli minene, na siatiki iko mbali kwa nyuma.

Nikachoma wima na sindano ya geji 21, nikavuta bomba kidogo kuangalia damu, maana penadua ikiingia kwenye mshipa wa damu ni hatari kubwa, haikuja, nikasukuma taratibu sana kwa sababu dawa ile ni nzito na inauma. Muda wote namuuliza, "Kuna shoti inashuka mguuni?" Akasema hapana sista, inauma hapo hapo tu. Nikaandika kwenye kadi "kushoto" ili safari ijayo achomwe kulia. Watoto wachanga na wadogo hatuwachomi takoni kabisa, wao ni pajani, mbele kwa upande wa nje.

Yule mama tulimfungia banzi la kushikilia unyayo usining'inie, akapewa rufaa ya fiziotherapia Dodoma mjini. Sista hakumdanganya, alimwambia neva inapona polepole sana, ni miezi, na wengine haiwarudii yote. Kabla sijamaliza fildi alirudi, akaweza kunyanyua kidole gumba kidogo, unyayo wenyewe bado.