Swali la hospitali ya Russia linalotaka kutafutwa mara mbili

"Mtu ambaye hospitali ya Russia ina jina lake aliacha umakamu wa rais mwaka gani?"

Swali hilo lililetwa na mwalimu mmoja wa historia hapa Kisumu alipokuwa akijaribu programu niliyowatengenezea yeye na wenzake. Mtu wa Kisumu halimsumbui. Russia ni jina la mtaani la Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, kwa sababu Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga, na Jaramogi alijiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966. Programu ilijibu 1969, tena bila wasiwasi wowote.

Programu yenyewe si kitu kigeni. Nilichukua maandishi ya walimu kuhusu historia ya Kenya, nikayakata aya kwa aya, kila aya ikageuzwa kuwa vekta, yaani safu ya namba zinazobeba maana yake. Swali nalo linageuzwa vivyo hivyo, aya tano zilizo karibu nalo zaidi zinachaguliwa, kisha modeli ya lugha inapewa aya hizo na kuambiwa ijibu kutokana nazo tu. Ukiuliza Tom Mboya aliuawa mwaka gani, jibu liko ndani ya aya moja, na aya hiyo inamtaja Mboya kwa jina. Kazi imekwisha.

Ili nijue 1969 imetoka wapi, nilichapisha zile aya tano kwenye skrini. Ya kwanza ilieleza jinsi hospitali ilivyojengwa. Ya pili ilisimulia tarehe 25 Oktoba 1969, Kenyatta alipokuja kuifungua, akarushiana maneno na Jaramogi hadharani, risasi zikapigwa na watu wakafa, na siku chache baadaye chama cha KPU kikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Hospitali imo, Jaramogi yumo, mwaka nao umo. Modeli ilishika mwaka iliouona.

Aya iliyohitajika, ile ya Jaramogi kujiuzulu na kuanzisha KPU mwaka 1966, haikuwa kati ya zile tano. Na ingefikaje? Haitaji hospitali, kwa kuwa hospitali ilikuwa bado haijafunguliwa. Swali nalo halimtaji Jaramogi. Vitu hivi viwili vinakutana kwenye neno moja tu, makamu wa rais, na neno hilo wanalo makamu wote wa nchi hii. Jina linaloviunganisha limejificha ndani ya aya ya hospitali, na huwezi kutafuta kwa jina ambalo bado hujalipata.

Nilianza na dawa rahisi: badala ya aya tano, nikavuta ishirini. Jibu likawa 1966. Mwalimu alifurahi. Mimi nikatazama modeli imetegemea aya ipi, nikakuta ni ya Joseph Murumbi, aliyeteuliwa Mei 1966 kuchukua nafasi ya Jaramogi, kisha naye akajiuzulu mwaka huohuo. Mwaka ni sahihi, mtu siye.

"Mwalimu, hebu uliza nani alichukua nafasi yake," nikamwambia.

Akauliza. Jibu likaja Moi, ambaye ndiye aliyemfuata Murumbi Januari 1967. Lilipaswa kuwa Murumbi.

"Kumbe ilibahatisha," akasema, na tabasamu likaisha.

Tangu hapo, jibu sahihi peke yake halinitoshi. Nikitaka kujua kama programu imepita njia yenyewe, nabadilisha kipande cha mwisho cha swali ili watu wawili wanaoweza kuchanganywa wawe na majibu tofauti.

Kilichofanya kazi ni kulivunja swali na kutafuta kwa zamu. Modeli inaombwa kwanza kuandika maswali madogo, na pale penye jibu ambalo halijapatikana inaweka alama:

```
1. Hospitali ya Russia, Kisumu, ina jina la nani?
2. #1 aliacha umakamu wa rais mwaka gani?
```

Swali la kwanza linatafutiwa aya, linajibiwa, na jibu linaingizwa mahali pa `#1`. Ndipo swali la pili linapopelekwa kutafuta. Sasa limebeba jina, na aya ya 1966 ikapanda hadi juu kabisa, bila kuhitaji aya ishirini.

Lakini hatua ya kwanza ikiteleza kidogo, ya pili inaanguka. Kuna wakati modeli ilijibu hatua ya kwanza kwa kifupi, "Odinga". Utafutaji wa pili ukaleta aya za Raila na uwaziri mkuu wake wa 2008 hadi 2013, na Jaramogi akasukumwa chini. Ukiishi huku Nyanza utaelewa kwa nini jina hilo moja halitoshi. Nilirekebisha kwa mambo mawili. Modeli inalazimika kunakili jina kamili kama lilivyo kwenye aya, na sentensi ilikotolewa jina inasafiri pamoja nalo hadi wakati wa kujibu hatua ya pili. Isipopata jina ndani ya aya, inatakiwa kusema haijapata, na safari inakomea hapo. Afadhali hivyo kuliko kubeba jina la kubahatisha.

Hesabu yenyewe haina huruma. Kila hatua ikipatia mara 9 kwa 10, hatua mbili zinakupa kama 81 kwa 100, na tatu kama 73. Kwa hiyo nimeweka kikomo cha hatua nne, na utafutaji unasimama mapema kama hatua mpya haijaleta aya yoyote isiyokuwapo tayari. Pia kila hatua ni safari nyingine kwa modeli, na mtandao ukiwa mzito mwalimu anaona jibu likichelewa. Ndiyo maana maswali ya hatua moja hayapitii njia hii. Modeli ikishindwa kulivunja swali katika vipande viwili, linatafutwa mara moja tu kama zamani.

Katika kupima nilifuata mtindo wa HotpotQA, mkusanyo wa maswali kama 113,000 uliotolewa 2018 kutokana na Wikipedia. Humo kila swali lina jibu lake pamoja na sentensi zinazolithibitisha. Nami kwa kila swali la walimu niliandika aya zinazohitajika, kisha nikahesabu maswali ambayo aya zake zote zilipatikana. Kupata moja kati ya mbili nakuhesabu kuwa sufuri, maana swali la Russia lilikuwa na moja kati ya mbili tangu siku ya kwanza, na ndilo lililotoa 1969.

Si kila swali la aya mbili linataka zamu. Mwalimu aliuliza kati ya Kisumu na Nakuru ni upi ulianza kupewa hadhi ya jiji. Hapo hakuna jina lililofichwa, yote mawili yameshatajwa. Programu inatafuta Kisumu na Nakuru kwa wakati mmoja, inapata 2001 na 2021, inalinganisha. Maswali ya aina hiyo nayatambua kwa kutazama orodha iliyovunjwa: kama haina `#1` popote, yote yanapelekwa pamoja na jibu linarudi haraka. Kinachonisumbua bado ni aya zinazosema "Russia" tu na nyingine zinazotumia jina rasmi tu, bila hata moja inayoyataja yote mawili. Hapo zamu haisaidii kitu. Nimewaomba walimu waandike aya inayoyaunganisha majina hayo, na wameanza na ya hospitali.